Mifuko 820 ya saruji, gharama mbili za mauzo: jinsi ya kukokotoa kwa wastani wa uzani na kwa kwanza kuingia, kwanza kutoka

Kila mwisho wa mwezi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ninayemtunzia vitabu huniuliza swali lile lile: "Mhasibu, mwezi huu tumepata faida gani kwenye saruji?" Swali linaonekana jepesi. Lakini bei ya saruji ikipanda mara tatu ndani ya mwezi mmoja, jibu linategemea mifuko iliyouzwa umeihesabia bei ipi ya kununulia. Mfuko uliotoka tarehe 28 ni ule ulioununua kwa bei ya zamani au ya juzi? Ukiutazama huwezi kujua, mifuko yote inafanana.

Kuna njia mbili zinazokubalika za kujibu. Ya kwanza ni kwanza kuingia, kwanza kutoka, ambayo kwenye programu nyingi za mauzo utaiona imeandikwa FIFO. Ya pili ni wastani wa uzani. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu, IAS 2, kinaruhusu zote mbili kwa bidhaa zinazofanana kama saruji, sukari au mafuta ya kula. Iliyokuwa ya tatu, ya kuhesabu kwamba mzigo wa mwisho ndio uliotoka kwanza, iliondolewa katika marekebisho ya mwaka 2003 yaliyoanza kutumika mwaka 2005, kwa hiyo usihangaike nayo.

Nitaichukua saruji peke yake, mwezi wa Oktoba peke yake, na kuipitisha kwenye njia zote mbili hadi shilingi ya mwisho. Bei ni za mfano, nimezinyoosha ili hesabu isikusumbue, ila mwenendo wake ni ule ninaouona kwenye ankara halisi.

Anza na bei ya mfuko ukiwa tayari stoo

Makosa mengi ninayokutana nayo hutokea hapa, kabla hata njia haijachaguliwa. Mtu anachukua bei iliyo kwenye ankara ya wakala na kuiita gharama. Lakini mfuko haujafika dukani kwa bei hiyo. Kuna lori lililouleta na kuna vijana walioushusha, na hizo pia ni gharama za mfuko.

Chukua mzigo wa tarehe 5 Oktoba, mifuko 300. Ankara inasema shilingi 13,600 kwa mfuko, jumla 4,080,000. Lori limelipwa 180,000, kushusha 60,000. Jumla ni 4,320,000, na ukigawa kwa mifuko 300 unapata 14,400. Hiyo 14,400 ndiyo bei inayoingia kwenye hesabu. Ukiiacha nauli ya lori kwenye daftari la matumizi ya kawaida, faida ya saruji itaonekana kubwa kuliko ilivyo, na mifuko iliyobaki stoo itaonekana ya bei rahisi kuliko ilivyokugharimu.

Kama duka limesajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani na unairejesha kodi ya manunuzi, usiiingize kodi hiyo kwenye bei ya mfuko, maana itarudi kwako. Kama hujasajiliwa, iache ndani, kwa kuwa wewe ndiye uliyeibeba. Na punguzo ambalo wakala amekupa kwa kuchukua mzigo mkubwa litolewe kabla ya kugawa.

Panga mwezi kwa tarehe

Sasa chora jedwali moja lenye kila kilichoingia na kila kilichotoka. Mauzo yaandike kwa idadi tu. Bei ya kuuzia haina kazi hapa kwa sasa.

| Tarehe | Imeingia | Bei ya mfuko | Thamani | Imetoka | Iliyobaki |
|---|---|---|---|---|---|
| 1 Okt (salio) | 250 | 14,000 | 3,500,000 | | 250 |
| 3 Okt | | | | 150 | 100 |
| 5 Okt | 300 | 14,400 | 4,320,000 | | 400 |
| 9 Okt | | | | 200 | 200 |
| 14 Okt | 200 | 15,300 | 3,060,000 | | 400 |
| 18 Okt | | | | 250 | 150 |
| 24 Okt | 250 | 16,000 | 4,000,000 | | 400 |
| 28 Okt | | | | 220 | 180 |
| Jumla | 1,000 | | 14,880,000 | 820 | 180 |

(Duka huuza kila siku, bila shaka. Nimeyakusanya mauzo katika siku nne ili jedwali lisomeke.)

Tazama mstari wa mwisho. Mwezi mzima duka lilikuwa na mifuko 1,000 iliyogharimu shilingi 14,880,000, ikiwemo ile 250 iliyobaki kutoka Septemba. Mifuko 820 imeuzwa, 180 ipo stoo. Kazi yote iliyobaki ni kuigawa hiyo 14,880,000 katika mafungu mawili: lililoondoka na wateja, ambalo ndilo gharama ya mauzo, na lililobaki stoo. Njia zote mbili zinagawa fedha ile ile, hakuna inayoongeza shilingi wala kuipunguza.

Njia ya kwanza: kwanza kuingia, kwanza kutoka

Hapa unahesabu kana kwamba mzigo wa zamani unaisha kwanza ndipo unaofuata unaguswa. Kwa mifuko 820 iliyouzwa, unaanza juu na kushuka. Mifuko 250 ya salio inaisha yote kwa 14,000, ambayo ni 3,500,000. Mifuko 300 ya tarehe 5 nayo inaisha, 4,320,000. Mifuko 200 ya tarehe 14 inaisha, 3,060,000. Hapo umefikisha 750. Bado 70, na hiyo unaichota kwenye mzigo wa tarehe 24 kwa 16,000, yaani 1,120,000.

Jumla ya gharama ya mauzo ni 12,000,000. Iliyobaki ni mifuko 180, yote ya mzigo wa mwisho, kwa 16,000: shilingi 2,880,000. Ukijumlisha 12,000,000 na 2,880,000 unarudi kwenye 14,880,000.

Kuna njia ya mkato ninayoitumia kila mara. Badala ya kuyafuata mauzo kutoka juu, anza na mifuko iliyobaki na uipandishe kutoka ankara ya mwisho kurudi nyuma. Iliyobaki ni 180, ankara ya mwisho ni ya mifuko 250, kwa hiyo yote inatosha humo. Ingekuwa imebaki 300, ungechukua 250 kwa 16,000 na 50 kwa 15,300, jumla 4,765,000. Ukishapata thamani ya iliyobaki, itoe kwenye 14,880,000 na gharama ya mauzo imepatikana. Kwenye duka linalouza mara mia kwa siku, mkato huu unaokoa jioni nzima, na jibu ni lile lile.

Njia ya pili: wastani wa uzani

Hapa mifuko yote 1,000 inahesabiwa kuwa na bei moja. Gawa thamani yote kwa idadi yote: 14,880,000 gawanya kwa 1,000 ni 14,880. Gharama ya mauzo ni 820 mara 14,880, sawa na 12,201,600. Iliyobaki ni 180 mara 14,880, sawa na 2,678,400. Jumla tena ni 14,880,000.

Neno "uzani" ndilo lenye maana hapo. Kila bei inakuwa na uzito wa mifuko iliyonunuliwa kwa bei hiyo. Niliwahi kukabidhiwa daftari ambalo karani alijumlisha bei nne, 14,000 na 14,400 na 15,300 na 16,000, akagawa kwa nne, akapata 14,925. Inakaribia, na ndiyo maana kosa hili huishi muda mrefu bila kuonekana. Lakini zidisha 14,925 kwa mifuko 1,000: inatoka 14,925,000, wakati fedha iliyotumika ni 14,880,000. Shilingi 45,000 zimezaliwa kwenye karatasi. Jumla ya gharama ya mauzo na iliyobaki isipolingana na jumla ya fedha iliyotumika, wastani wako si wa uzani.

Ukiwa unatumia Excel, weka idadi kwenye safu ya B na bei kwenye safu ya C, mistari minne ya mizigo tu, bila mistari ya mauzo. Kisha:

```
=SUMPRODUCT(B2:B5,C2:C5)/SUM(B2:B5)
```

Itakuletea 14,880.

Weka majibu mawili pamoja

Tuseme duka limeuza kwa 17,000 mwezi mzima. Mauzo ni 13,940,000. Kwa kwanza kuingia, kwanza kutoka, faida ghafi ni 1,940,000. Kwa wastani wa uzani ni 1,738,400. Tofauti ni 201,600.

Nilipomwonyesha mwenye duka karatasi hizi mbili kwa mara ya kwanza alinyamaza kidogo, akauliza, "Sasa hiyo laki mbili iko wapi?" Nikamwambia, "Mzee, iko stoo, kwenye ile mifuko 180." Na ndivyo ilivyo. Karatasi moja imeihesabia kila mfuko uliobaki 16,000, nyingine 14,880. Tofauti kwa mfuko ni 1,120, na 1,120 mara 180 ni 201,600 kamili. Hii ndiyo hakikisho lako: tofauti ya faida lazima iwe sawa na tofauti ya thamani ya iliyobaki. Isipolingana, kuna mfuko umehesabiwa mara mbili au umesahaulika.

Kwa hiyo ukubwa wa tofauti unaamuliwa na mambo mawili tu, bei ilivyosogea na mifuko mingapi imebaki. Stoo ikiwa tupu tarehe 31, njia zote mbili zinakuambia mwezi umegharimu 14,880,000, bila kujali bei imepanda kiasi gani. Na bei ikishuka badala ya kupanda, mambo yanageuka: njia ya kwanza itabeba mizigo ya zamani yenye bei ya juu kwenye gharama ya mauzo, na faida yake itakuwa ndogo kuliko ya wastani.

Faida ipi mtu aitoe mfukoni?

Hapa ndipo ninapowasihi wenye maduka watulie, kwa sababu nimeona stoo zikipungua mwezi hadi mwezi wakati vitabu vinaonyesha faida.

Chukua ile faida ya 1,940,000. Mwenye duka akiitoa yote kwa matumizi ya nyumbani na ada za watoto, kwenye fedha ya mauzo zinabaki 12,000,000. Anarudi kwa wakala kujaza mifuko 820 aliyouza. Bei sasa ni 16,000 ikifika stoo. Milioni 12 zinamnunulia mifuko 750. Amepungukiwa mifuko 70, na hajaibiwa na mtu. Akifuata wastani na kutoa 1,738,400, zinabaki 12,201,600, nazo zinanunua mifuko 762 na chenji. Bado amepungukiwa, ila kidogo.

Kujaza mifuko yote 820 kunahitaji 13,120,000. Kwenye mauzo ya 13,940,000 inabaki 820,000 tu, shilingi elfu moja kwa mfuko, na hapo hajalipa kodi ya fremu wala mshahara. Namba hii ya tatu haiingii kwenye vitabu vya hesabu kama faida, lakini ninaiandika pembeni ya karatasi kila mwezi ambao bei imepanda. Njia zote mbili zinapima ulichotumia zamani. Wastani unakimbizana na bei mpya kwa karibu kidogo kwenye gharama ya mauzo, na kwanza kuingia, kwanza kutoka inakuwa karibu na bei mpya kwenye thamani ya stoo. Anayekwenda kuomba mkopo na kuonyesha stoo yake atanufaika na njia hii, maana 2,880,000 ndiyo bei halisi ya kuipata mifuko ile leo.

Kuhusu kodi, kampuni nchini Tanzania hutozwa 30% ya faida, kwa hiyo 201,600 zaidi ya faida ni 60,480 zaidi ya kodi, endapo tofauti hiyo ndiyo iliyopo siku ya kufunga mwaka. Tofauti za katikati ya mwaka hazihesabiki, kinachohesabika ni stoo ya mwanzo wa mwaka na ya mwisho wake. Na mfanyabiashara mdogo anayetozwa kwa kufuata mauzo ghafi, kodi yake haisogei kwa njia yoyote kati ya hizi.

Programu ikikupa jibu la tatu

Siku moja utafanya wastani kwa mkono, upate 12,201,600, kisha mashine ya mauzo ikuletee 12,081,000. Usiifute. Programu nyingi hutumia wastani unaohama: kila mzigo ukiingia zinakokotoa wastani upya, na mauzo yanayofuata yanabeba bei hiyo mpaka mzigo mwingine uje.

Fuata jedwali uone. Mifuko 150 ya tarehe 3 inatoka kwa 14,000, kwa kuwa hakuna bei nyingine bado. Inabaki 100 yenye thamani ya 1,400,000. Unaingia mzigo wa 4,320,000, sasa una mifuko 400 ya 5,720,000, wastani 14,300, na ile 200 ya tarehe 9 inatoka kwa bei hiyo. Mzigo wa tarehe 14 unausogeza wastani hadi 14,800, wa tarehe 24 hadi 15,550. Mifuko 180 ya mwisho inabaki na 15,550, jumla 2,799,000.

Majibu yametofautiana kwa sababu wastani wa mwezi unauruhusu mzigo wa tarehe 24 kuipandisha bei ya mfuko uliouzwa tarehe 3, siku 21 kabla lori halijafika. Wastani unaohama haufanyi hivyo. Zote mbili zinakubalika, lakini usichanganye: stoo ya programu na gharama ya mauzo ya mkono haziwezi kukutana. Kwanza kuingia, kwanza kutoka haina tatizo hili, kwani ukihesabu kila siku au mwisho wa mwezi, jibu ni moja.

Angalia pia tarehe za kuingiza mizigo. Karani akiuza tarehe 25 mifuko ya mzigo ambao ankara yake ameiingiza tarehe 27, programu itaonyesha stoo hasi kwa siku mbili, na wastani wake utapinda kuanzia hapo. Ukiona stoo yoyote imeandikwa kwa alama ya kutoa, rekebisha tarehe kabla ya kusoma gharama.

Hesabu mifuko kwa mkono tarehe 31

Vitabu vinasema 180. Ingia stoo uhesabu. Tuseme umekuta 176: miwili imepasuka wakati wa kushusha, miwili imeganda kwa unyevu karibu na ukuta.

Ukiichukua 176 tu na kuendelea na mkato wangu wa juu, mifuko minne itajificha ndani ya gharama ya mauzo kana kwamba imeuzwa, na hutajua kamwe kwamba ukuta unavuja. Itenge. Kwa kwanza kuingia, kwanza kutoka hasara ni 4 mara 16,000, yaani 64,000, kwa kuwa mizigo ya zamani imeshaisha kwenye vitabu. Kwa wastani ni 59,520. Iandike kwenye mstari wake kama hasara ya stoo, na gharama ya mauzo ya mifuko 820 ibaki ilivyo.

Mtu anaweza kusema, lakini mfuko ulioganda ni wa mzigo wa zamani, tuupe 14,000. Hapana. Njia unayoichagua inaongoza bei tu, haiongozi mifuko. Stooni daima toa ya zamani kwanza na panga mifuko juu ya mbao, hata kama vitabu vyako ni vya wastani.

Novemba mosi

Salio la kufungulia Novemba linatoka kwenye njia ile ile uliyofungia Oktoba: mifuko 180 kwa 2,880,000, au 180 kwa 2,678,400 (punguza ile minne kama imepotea). Ukifunga kwa njia moja na kufungua kwa nyingine, 201,600 zitatoweka au kuhesabiwa mara mbili bila mtu kununua wala kuuza kitu. Kubadili njia kunaruhusiwa pale tu mabadiliko yanapotoa picha ya kuaminika zaidi, na hesabu za nyuma zinarekebishwa pia.

Tuseme Novemba lori halikuja kabisa na mifuko yote 180 ikauzwa. Kwa njia ya kwanza gharama ya mauzo ya Novemba ni 2,880,000, kwa ya pili 2,678,400. Jumlisha na Oktoba: 12,000,000 na 2,880,000, au 12,201,600 na 2,678,400. Zote zinafika 14,880,000. Zile 201,600 zilizoonekana kama faida ya ziada Oktoba zimelipwa Novemba.

Kwa duka la saruji lenye ankara tatu au nne kwa mwezi, mimi nachagua kwanza kuingia, kwanza kutoka, kwa sababu stoo inatoka kweli kwa mpangilio huo na hesabu ya mwisho wa mwezi inakaa kwenye nusu karatasi. Kwa misumari inayomiminwa kwenye ndoo moja na kuuzwa kwa kilo, ambako mzigo wa jana umeshachanganyika na wa leo, naweka wastani. IAS 2 inataka bidhaa za aina moja na matumizi yale yale zifuate njia moja, lakini saruji na misumari si aina moja, kwa hiyo duka moja linaweza kubeba njia zote mbili, kila moja kwenye ukurasa wake wa leja.